Abacus 2007-AC1: hasara ya mkopo inavyohama mikono

Tarehe 26 Aprili 2007 benki ya Goldman Sachs ya New York ilikamilisha mkataba uliopewa jina la Abacus 2007-AC1. Ulihusu mikopo ya nyumba ya Wamarekani, na hesabu yake kwenye karatasi ilikuwa dola bilioni 2. Lakini ungechungulia ndani ya kapu hilo usingekuta mkopo hata mmoja. Hakuna aliyekopeshwa senti kwa sababu ya mkataba ule, wala hakuna nyumba iliyojengwa au kubadilisha mwenyewe. Kilichokuwemo ni orodha ya hatifungani 90 zilizokuwa tayari mikononi mwa watu wengine, na ahadi ya nani atamlipa nani hatifungani hizo zikiharibika.

Ziliharibika. Kufikia mwisho wa Januari 2008, miezi tisa tu baadaye, asilimia 99 ya orodha ilikuwa imeshushwa daraja. Walioahidi kulipa walipoteza zaidi ya dola bilioni 1, na karibu fedha zote hizo zikaingia kwenye mfuko mmoja wa uwekezaji wa New York, Paulson & Co.

Nauchagua mkataba huu kwa sababu ndani yake umo ufundi wote uliozaa msukosuko wa fedha wa 2008: kuchanganya mikopo kwenye kapu, kulikata kapu kwa matabaka, na kisha kuuza kinga juu ya matabaka hayo. Kila hatua humhamisha anayebeba hasara. Tukienda hatua kwa hatua tutaona hasara yenyewe haipungui popote.

Kapu na matabaka yake

Tuanze na mkopo mmoja. Benki inamkopesha mtu dola 200,000 anunue nyumba. Akishindwa kulipa, benki inainadi nyumba, na kinachopungua ni hasara ya benki. Ndiyo maana afisa mikopo anadai hati ya mshahara, anauliza una watoto wangapi, na anakwenda kuitazama nyumba kwa macho yake. Hasara ikija itamkuta yeye.

Sasa benki hiyo ina mikopo 1,000 ya aina hiyo, jumla dola milioni 200. Badala ya kukaa nayo miaka 30 inaiuza yote kwa kampuni maalumu iliyosajiliwa kwa kazi hiyo tu, isiyo na wafanyakazi wala ofisi ya maana. Kampuni inapata fedha za kununulia kwa kutoa hatifungani, na wenye hatifungani wanalipwa kutokana na marejesho ya wakopaji kila mwezi. Benki imepata fedha zake leo, na hatari imetoka kwenye vitabu vyake.

Marekani ilianza jambo hili mwaka 1970 kupitia shirika la serikali la Ginnie Mae. Wakati huo kila mwekezaji alipata fungu lililo sawa na la mwenzake, na serikali ilidhamini malipo, kwa hiyo suala la nani atabeba hasara halikuwepo. Lilikuja pale mikopo isiyo na dhamana ya serikali ilipoingizwa kwenye makapu. Mfuko wa pensheni unataka usalama kabisa na uko radhi kupata riba ndogo. Mwekezaji mwingine anataka riba nono na yuko tayari kuhatarisha. Kapu moja likawa halitoshi kuwaridhisha wote, ndipo likakatwa kwa matabaka.

Fikiria jengo la ghorofa lililo bondeni, mvua ikinyesha. Maji huanza na chumba cha chini. Kikijaa mpaka dari ndipo yanapanda ghorofa ya pili, na wa juu kabisa hawalowi mpaka wote walio chini yao wawe wamezama. Hasara za kapu hupanda vivyo hivyo. Marejesho, kwa upande wake, huanzia juu: wa juu analipwa kwanza, wa chini anapata kilichobaki.

Tulikate kapu letu la dola milioni 200. Tabaka la chini linabeba asilimia 5 ya kwanza ya hasara, yaani dola milioni 10. La kati linabeba asilimia 15 zinazofuata, dola milioni 30. La juu ni asilimia 80 zilizobaki, dola milioni 160.

Mwaka wa kawaida, tuseme wakopaji 100 kati ya 1,000 wanashindwa, na kila nyumba ikinadiwa inarudisha nusu ya deni. Hasara ni dola 100,000 mara 100, sawa na dola milioni 10. Tabaka la chini limekwisha lote, na walio juu hawakuguswa na tone. Mwaka mbaya, wanaoshindwa ni 200, na kwa kuwa nyumba nyingi zinanadiwa kwa mpigo kila moja inarudisha asilimia 40 tu. Hasara ni dola milioni 24: wa chini amekwisha, wa kati amepoteza 14 kati ya 30 zake, wa juu bado mkavu. Mwaka wa maafa, wanaoshindwa ni 400 na mnada unarudisha asilimia 35. Hasara ni dola milioni 52, na sasa maji yamefika juu: tabaka la chini na la kati yamefutika, na wa juu amepoteza dola milioni 12, kama asilimia 7.5 ya fedha zake.

Angalia kilichobadilika na kisichobadilika. Kukata matabaka hakukumfanya mkopaji hata mmoja alipe vizuri zaidi. Jumla ya hasara ni ileile. Kilichobadilika ni swali analopaswa kujiuliza mnunuzi. Afisa mikopo aliuliza, "Huyu atalipa?" Mnunuzi wa tabaka anauliza, "Hasara ya kapu zima itafika alama gani?" Kila tabaka lina alama mbili, ya kuanza kuumia na ya kwisha, na ukinunua tabaka bila kuzijua alama hizo hujui umenunua nini, hata kama limeandikwa AAA, alama ya juu kabisa ya usalama.

Niseme hapa, kwa faida ya wasomaji wa kwetu, kwamba kampuni za kuzipa benki fedha za mikopo ya nyumba zilizopo Tanzania na Kenya, TMRC na KMRC, hazifanyi hivi. Zinatoa hatifungani na kuzikopesha benki fedha, mikopo ya nyumba ikiwa dhamana, lakini mwenye nyumba akishindwa kulipa hasara inabaki kwa benki iliyomkopesha. Afisa mikopo bado ana sababu ya kwenda kuitazama nyumba.

Kushindwa pamoja

Usalama wa tabaka la juu unatoka wapi? Jibu la haraka ni kwamba wakopaji ni wengi. Jibu hilo halitoshi, na ni hapa hasa wataalamu walipokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua mikopo miwili tu, ya dola moja moja, kila mmoja ukiwa na uwezekano wa asilimia 10 wa kushindwa, na tuseme ukishindwa hakuna kinachorudi. Uchanganye kapu moja ulikate mara mbili. Tabaka la chini linapata hasara ikiwa angalau mkopo mmoja umeshindwa. La juu linapata hasara ikiwa yote miwili imeshindwa. Kama wakopaji hawahusiani, kila mmoja na lake, uwezekano wa wote wawili kushindwa ni asilimia 10 ya asilimia 10, yaani asilimia 1. Kutoka kwenye mikopo miwili hafifu tumepata tabaka moja imara sana. La chini sasa lina uwezekano wa asilimia 19 wa kuumia. Hatari imesukumwa chini, haikuondoka.

Sasa tuseme wakopaji hao wawili wanafanya kazi kiwanda kimoja, na kila mmoja atashindwa kulipa ikiwa tu kiwanda kitafungwa. Wakishindwa, wanashindwa wote. Uwezekano wa tabaka la juu kuumia si asilimia 1 tena, ni 10. Mikopo ni ileile, na mkopo mmoja mmoja una hatari ileile. Kilichobadilika ni uhusiano kati yao tu, na hatari ya tabaka "salama" imekua mara kumi.

Uhusiano huo hauonekani kwenye fomu ya mkopaji yeyote. Unaweza kukagua mafaili yote 1,000 ukakuta kila moja limekamilika, na bado usijue kama watu hao wataanguka mmoja mmoja au kwa pamoja.

Marekani ya 2005 na 2006 kiwanda hicho kilikuwepo, na jina lake ni bei ya nyumba. Wakopaji wengi wenye historia dhaifu ya ulipaji walipewa mikopo ambayo riba yake ilikuwa nafuu miaka miwili ya kwanza kisha ikapanda. Mpango wao, na wa aliyewakopesha, ulikuwa kwamba kabla riba haijapanda nyumba itakuwa imepanda bei, kwa hiyo watakopa upya na kulipa deni la zamani. Mtu wa Florida na mtu wa California hawajuani kabisa, lakini wote wawili walitegemea jambo moja litokee. Bei zikifika kilele mwaka 2006 na kuanza kushuka nchi nzima, wakakwama pamoja. Wakala wa kupima madeni kama Moody's na Standard & Poor's walikuwa wamekadiria uhusiano huo kwa takwimu za miaka ambayo bei zilishuka mkoa mmoja huku zikipanda mwingine.

Lipo kosa la pili, na ndilo lililoiua Abacus. Hatifungani zile 90 hazikuwa mikopo wala matabaka ya juu. Zilikuwa matabaka ya chini kidogo ya katikati, yaliyopewa alama ya Baa2, kila moja kutoka kapu lake lenye maelfu ya mikopo. Matabaka ya daraja hilo yalikuwa membamba sana, mara nyingi kama asilimia 1 hivi ya kapu zima. Tuseme moja linaanza kuumia hasara ya kapu ikifika asilimia 5, na linakwisha ikifika 6. Hasara ikiwa asilimia 4.9, mwenye tabaka anapata kila senti. Ikiwa 6.1, hapati chochote. Mkopo wa kawaida ukishindwa nyumba inabaki, unanadi unarudisha nusu. Tabaka jembamba halina nusu: ni zima au limekufa.

Sasa wachukue wataalamu matabaka 90 ya namna hiyo, wayatie kapu jipya, na walikate kapu hilo upya wakitoa tena matabaka ya AAA. Hoja yao ni kwamba yako 90, na hayawezi kufa yote. Lakini kila moja limeshatawanya hatari zake ndogo ndogo ndani ya kapu lake: ugonjwa wa huyu, talaka ya yule, kiwanda cha mji mmoja. Hatari iliyobaki ndani ya tabaka ni ile isiyotawanyika, yaani nchi nzima kuharibika. Hiyo wanayo wote 90. Hasara za makapu zikiwa wastani wa asilimia 4, matabaka karibu yote 90 ni mazima. Zikiwa wastani wa asilimia 9, karibu yote 90 yamekufa. Kapu la pili likawa kama swichi ya taa, na tabaka lake la juu, lililohitaji nusu ya orodha kufa kabla halijaguswa, likawa halina umbali wowote wa kweli na la chini.

Atakayeonyeshwa hatifungani ya namna hii leo aanze na swali moja: ndani ya kapu mna mikopo au mna matabaka ya makapu mengine? Kama ni matabaka, idadi yake haimaanishi mtawanyiko.

Kinga bila mali

Nimewahi kuweka sahihi kwenye fomu ya udhamini ya SACCOS. Niliyemdhamini alikaa meza ya pili kutoka kwangu. Niliujua mshahara wake, nikajua mkopo ni wa kumalizia paa, na ilipofika tarehe 25 nilikuwa nikimtazama usoni kabla ya kuangalia akaunti. Mdhamini ni mtu anayebeba hasara ya mkopo asiokula yeye. CDS, kama inavyoandikwa sokoni, ni udhamini huo uliogeuzwa bidhaa: mmoja analipa ada kila mwaka, na mwenzake anaahidi kwamba mdaiwa fulani akishindwa atafidia hasara.

Ilizaliwa kwa sababu nzuri. Mwaka 1994 benki ya J.P. Morgan ilikuwa imeahidi kampuni ya mafuta ya Exxon mkopo wa dola bilioni 4.8, baada ya meli yake Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska. Benki haikutaka kumkatalia mteja wa siku nyingi, wala haikutaka kubeba mzigo wote. Ikakubaliana na Benki ya Ulaya ya Ujenzi na Maendeleo kwamba hiyo ya pili ibebe hatari ya Exxon kushindwa, kwa ada ya kila mwaka. Mkopo ukabaki kwa J.P. Morgan, hatari ikahamia kwingine.

Lakini mkataba wenyewe haukumtaka mnunuzi wa kinga awe na mkopo. Kampuni ya bima haitakukatia bima ya moto kwa nyumba ya jirani, kwa sababu nyumba ikiungua wewe hupotezi kitu, na kuna hatari ukatamani iungue. CDS haina sharti hilo. Unaweza kununua kinga juu ya hatifungani usiyo nayo, kwa kiasi chochote, mradi umpate wa kukuuzia.

Matokeo yake ni mazito. Makapu ya kawaida yana mpaka: hasara haiwezi kuzidi mikopo iliyotolewa. Kinga haina mpaka huo. Hatifungani moja ya dola milioni 15 inaweza kuandikiwa kinga za dola milioni 50 au 100, na ikifa, hasara inayolipwa sokoni ni mara kadhaa ya iliyopotea kwenye nyumba zenyewe. Tume ya Marekani iliyochunguza msukosuko ule ilikuta hatifungani moja imetumika ndani ya makapu tisa tofauti ya kivuli, yaani yenye kinga tu bila mikopo ndani yake, yaliyotengenezwa na Goldman Sachs peke yake. Nyumba zikaungua mara moja, zikalipwa mara tisa.

Fedha za Abacus zilipita wapi

Mwishoni mwa 2006 John Paulson, mwenye mfuko wa Paulson & Co., alikuwa ameshaamini kwamba matabaka ya Baa2 yatakufa. Alitaka kinga kwa wingi, na akaiendea Goldman Sachs, ambayo ililipwa kama dola milioni 15 kwa kuutengeneza na kuuza mkataba.

Mfuko wake ulipendekeza hatifungani 123. Kwa mujibu wa Tume ya Masoko ya Mitaji ya Marekani, SEC, ulipendelea makapu yenye mikopo ya riba inayobadilika, wakopaji wenye alama ndogo za ulipaji, na nyumba nyingi katika majimbo ya Arizona, California, Florida na Nevada, ambako bei zilikuwa zimepanda kwa kasi. Yaani ulichagua mahali ambapo wakopaji wangeanguka pamoja. Kampuni ya ACA Management, iliyotangazwa kwa wawekezaji kuwa ndiyo mchaguzi, ilikubali 55 kati ya hizo mwanzoni, na baada ya majadiliano orodha ikafikia 90.

Benki ya Kijerumani IKB, yenye makao yake Düsseldorf, ilinunua hatifungani za Abacus za dola milioni 150, zenye alama ya AAA. Fedha hizo zilikwenda kwenye kampuni maalumu iliyosajiliwa Visiwa vya Kayman zikakaa kama amana. Kila mwaka Paulson alitakiwa kulipa ada ya kinga kwa Goldman, Goldman iilipe kampuni ya Kayman, na ya Kayman iwalipe IKB kama riba. Kwa IKB ilionekana kama hatifungani nyingine yoyote. Kwa kweli IKB ilikuwa imekuwa mdhamini, na fedha zake zilikuwa zimeshawekwa mezani kumngoja atakayezichukua. Hatifungani za orodha zilipokufa, amana ikaenda upande wa pili: kutoka Kayman kwenda Goldman, kutoka Goldman kwenda kwa Paulson. Miezi michache ilitosha kumaliza karibu dola zote milioni 150.

IKB ilikuwa na nyingi za namna hiyo, na mwisho wa Julai 2007 iliokolewa na benki ya umma ya Ujerumani, KfW. Hasara iliyoanzia kwenye nyumba za Nevada ikatua kwa mlipa kodi wa Kijerumani.

Tabaka la juu kabisa lilikwenda njia nyingine. Hapo hakuna aliyeweka amana. ACA Capital, kampuni mama ya ile iliyotajwa kuchagua orodha, ilitoa ahadi tupu ya kulipa hasara hadi dola milioni 909, kwa ada ya asilimia nusu kwa mwaka, kama dola milioni 4.5. Kwa kuwa Goldman haikutaka kuitegemea ACA moja kwa moja, benki ya Kiholanzi ABN AMRO ilisimama katikati: ACA ikishindwa, yeye atalipa. Ada yake ilikuwa asilimia 0.17, kama dola milioni 1.5 kwa mwaka.

Kinga inayotolewa kwa ahadi inamtaka anayeipokea atazame zaidi ya hatifungani. Amtazame mdhamini pia. ACA ilikuwa imeuza kinga za zaidi ya dola bilioni 60, nyingi juu ya hatari za aina ileile. Siku ambayo mmoja wa wateja wake angehitaji kulipwa, wengine wote wangehitaji pia. Desemba 2007 Standard & Poor's iliishusha ACA kutoka daraja A hadi CCC kwa mkupuo mmoja. Kampuni kubwa ya bima AIG ilikuwa imeuza kinga nyingi zaidi za namna hiyo, na mikataba yake iliitaka iweke amana kadiri thamani ya vilivyokingwa inavyoshuka. Tarehe 16 Septemba 2008 Benki Kuu ya Marekani ikalazimika kuipa mkopo wa dola bilioni 85 ili isife kwa madai hayo.

Mdhamini akitegemea kilekile kinachomwangusha mdaiwa, kinga inakufa siku inapohitajiwa. Hapa ndipo penye kuangalia kabla ya kuhesabu ada: amana iko wapi, ni kiasi gani, na mdhamini ameahidi mara ngapi kwa watu wengine.

SEC iliishtaki Goldman Sachs tarehe 16 Aprili 2010 kwa kutowaambia wanunuzi kwamba Paulson, aliyekuwa akitabiri orodha itakufa, alishiriki kuichagua. Julai mwaka huo Goldman ilikubali kulipa dola milioni 550, na ikakiri kwamba lilikuwa kosa kuandika kuwa ACA ndiye mchaguzi bila kumtaja Paulson. Paulson mwenyewe hakushtakiwa. Goldman ilijitetea kuwa nayo ilipoteza zaidi ya dola milioni 90 kwa sehemu ya mkataba iliyobaki mikononi mwake, jambo ambalo naliona linafundisha: hata mtengenezaji hakuweza kulikimbia tabaka lililobaki kwake. Sheria iliyotiwa sahihi mwezi huohuo, Dodd-Frank, iliweka sharti kwamba anayetengeneza kapu abaki na asilimia 5 ya hatari yake. Mikopo ya nyumba inayotimiza vigezo fulani vya ubora ilisamehewa sharti hilo.

Nimebakiza ABN AMRO. Oktoba 2007 ilinunuliwa na benki tatu za Ulaya zilizoungana, na Abacus ikaangukia Royal Bank of Scotland. ACA haikuwa na cha kulipa. Tarehe 7 Agosti 2008 Royal Bank of Scotland ilijitoa kwenye mkataba kwa kuilipa Goldman dola 840,909,090, ambazo nyingi zilipelekwa kwa Paulson. Kwa ada ya dola milioni 1.5, ABN AMRO ingehitaji zaidi ya miaka 540 kukusanya fedha hizo. Miezi miwili baada ya malipo hayo serikali ya Uingereza ilitangaza kuiwekea Royal Bank of Scotland mtaji wa umma.